Kumbukumbu kwa mshirika wa nje: mstari huu utaleta ubishi, niuandikeje?

#1 Katibu_Langoni
Asalaam aleikum. Chama chetu cha wavuvi hapa kisiwani Lamu kinapewa mtambo wa barafu na shirika lenye ofisi Mombasa na makao makuu Ujerumani. Tulikutana nao Jumanne, 14 Oktoba 2025. Rasimu ya kumbukumbu iko tayari ila sijawatumia, kwa sababu ya mstari huu:

> Ilikubaliwa kwamba mtambo wa barafu utafikishwa Lamu mapema mwezi Desemba. Pande zote mbili zitashirikiana katika usafiri na kutayarisha mahali pa kuuweka.

Mwenyekiti asema uende hivyo hivyo, maana ndivyo ilivyosemwa. Mimi nahofia Desemba ikifika kila upande utausoma kwa faida yake. Mtambo na kasha lake ni kilo 400. Nyie mngeuandikaje?

#2 Mwl_Mstaafu
Waleikum salaam. Kumbukumbu zina utaratibu wake na ukiufuata hakuna ubishi. Waliohudhuria, waliotoa udhuru, kufunguliwa kwa mkutano, yatokanayo, ajenda moja moja kwa namba, kufungwa, kisha nafasi ya sahihi ya mwenyekiti na katibu. Mkutano ujao zinasomwa, zinathibitishwa, zinatiwa sahihi. Hapo zimekuwa rasmi na hakuna wa kuzikana.

#3 Bint_Mkomani
Shikamoo Mwalimu. Huo ni utaratibu wa kikao cha ndani, na kwa daftari la chama uko sawa. Lakini Katibu anaulizia mshirika wa nje. Katibu, kikao chenu kijacho nao ni lini? Kama ni Januari, basi mnasubiri kuthibitisha maneno ya usafiri mtambo ukiwa tayari umeshafika, au umekwama.

Sasa mstari wenyewe. "Utafikishwa Lamu." Lamu ipi? Mokowe iko bara na ni kaunti ya Lamu. Lori likishusha kasha jetini Mokowe, mshirika atasema kwa haki kabisa kwamba amefikisha Lamu. Nyinyi mtakuwa mmesimama ng'ambo ya maji mkingoja kilo 400. Baada ya Mokowe bado kuna kuteremsha kutoka kwenye lori, kupakia chomboni, kuvuka, kupandisha jetini mjini na kufikisha ghalani, na mitaa yetu hamna gari la kupita. Kila hatua hapo ni pesa, na mstari wako haumtaji mlipaji hata wa hatua moja.

"Pande zote mbili zitashirikiana" ndilo neno baya kuliko yote. Kazi ikiwa ya wote wawili, kila mmoja anangoja mwenzake aanze.

#4 Katibu_Langoni
Shukran dada. Kikao kijacho ni Januari kweli.

#5 Fundi_Hindi
Andika tu "DAP Lamu". Herufi tatu hizo wazungu wote wanazijua, maana yake mleta mzigo anagharamia kila kitu mpaka mlangoni na kushusha juu yake. Ubishi umekwisha.

#6 Kilindini_Forodha
Fundi, umepata nusu. Kwa Incoterms 2020, kanuni za kimataifa za kupeleka mizigo, DAP mleta mzigo anaufikisha mahali palipotajwa ukiwa bado juu ya chombo, tayari kushushwa. Kushusha ni kwa mpokeaji. Inayomtwika mleta mzigo kazi ya kushusha ni DPU. Kwa kilo 400 tofauti hiyo si ndogo, kwani lazima winchi au watu wa kutosha wenye kamba na magogo.

Tena herufi hizo hazina maana mpaka mahali patajwe barabara. "DAP Lamu" ina kasoro ile ile aliyoonyesha Bint. Ingekuwa "DAP jeti ya Mokowe" au "DPU ghala la chama, Langoni, kisiwa cha Lamu". Na juu ya hayo, kanuni hizi ni za muuzaji na mnunuzi, ilhali huu ni msaada. Mimi ningeacha herufi nikaandika kwa maneno ya kawaida, hatua kwa hatua: nani analipa lori Mombasa hadi Mokowe, nani anateremsha pale, nani anakodi chombo, nani anapandisha kisiwani.

#7 Wakili_Pwani
Ngojeni kwanza. Mnamfundisha Katibu kuandika vizuri jambo ambalo mkutano haukuliamua. Katibu, jibu hili kwanza: mkutanoni kuna mtu yeyote aliyesema "sisi tutalipa chombo cha kuvuka"?

#8 Katibu_Langoni
Hapana. Meneja wa mradi alisema lori ni juu yao. Kuhusu kuvuka alisema "hilo tutasaidiana". Jukwaa la zege la kuwekea mtambo mwenyekiti wetu alilikubali, akasema litakuwa tayari mwisho wa Novemba.

#9 Wakili_Pwani
Basi mwenyekiti wako ana haki nusu. Katibu hana ruhusa ya kuamua kwa kalamu jambo lililoachwa wazi kwa mdomo. Ukiandika "mshirika atalipa chombo", atajibu siku hiyo hiyo kwamba hakusema hivyo, na tangu hapo atazishuku hata zile sehemu mlizokubaliana kweli.

Lakini kuliacha limefunikwa na "kushirikiana" nako ni kosa. Yatenge matatu. Kuna lililoamuliwa: lori Mombasa hadi jeti ya Mokowe, analipa mshirika. Kuna lililoahidiwa na upande mmoja: jukwaa la zege, chama. Na kuna ambalo halijaamuliwa. Hili la tatu liandike waziwazi kwa jina lake:

> Halijaamuliwa: nani atalipia kuteremsha Mokowe, chombo cha kuvuka na kupandisha kisiwani. Katibu wa chama atatuma bei tatu za wenye vyombo kufikia Alhamisi 23 Oktoba 2025. Meneja wa mradi atajibu kwa maandishi kufikia Alhamisi 30 Oktoba 2025.

Ona, kutokuamua sasa kuna wahusika na makataa. Hakuna anayeweza kuukana mstari huo kwa sababu haumbandiki mtu lolote ambalo hakulisema, na bado jambo haliwezi kulala hadi Desemba.

#10 Bint_Mkomani
Hapo Wakili umenena, nami naondoa haraka yangu ya #3. Niongeze kwenye wahusika: weka jina la mtu na cheo chake, mtu mmoja kwa kila mstari. Ukiandika jina la shirika peke yake, barua itazunguka ofisini kwao bila mwenyewe. Ukiandika jina bila cheo, mtu akihamishwa mnabaki na jina la mtu aliyeondoka. Na usimpe kazi mtu ambaye hakuwepo. Kama mhasibu wao hakuhudhuria, kazi ni ya meneja "kupata jibu la mhasibu", isiwe ya mhasibu.

#11 Fundi_Hindi
Sawa, DAP nimesahihishwa. Ila kwenye zege msinifundishe. Jukwaa "mwisho wa Novemba" na mtambo "mapema Desemba" haviendi pamoja. Zege huhesabiwa nguvu zake siku ya 28. Mtambo ukishuka Jumatatu tarehe 1 Desemba, zege lazima liwe limemwagwa Jumatatu tarehe 3 Novemba. Likimwagwa tarehe 28 Novemba, mnaweka mashine yenye mtetemo juu ya zege la siku tatu, na boliti za nanga zitalegea.

#12 Kilindini_Forodha
Siku 7 zege huwa limepata kama theluthi mbili ya nguvu. Kwa kilo 400 zilizotulia mbona yatosha?

#13 Fundi_Hindi
Zilizotulia, ndiyo. Compressa haitulii. Na theluthi mbili hiyo ni kwa zege lililomwagiliwa maji vizuri kila siku, si lililoachwa juani.

#14 Wakili_Pwani
Yamalizeni hayo baadaye. Kwa kumbukumbu, la maana ni kwamba makataa mawili yanategemeana na rasimu haisemi hivyo. Mshirika akileta mtambo tarehe 1 akakuta jukwaa bichi, atasema mmemchelewesha, na gharama ya kuliweka kasha mahali hadi zege lishike itakuwa yenu. Mwandikie mapema: "Jukwaa litamwagwa kufikia Jumatatu 3 Novemba 2025, mtambo hautapandishwa juu yake kabla ya siku 28 tangu kumwagwa." Kila siku ya kuchelewa kumwaga inasogeza siku ya kupokea, na kila mtu anaona sababu.

Ila tarehe hiyo si ile iliyotajwa mkutanoni. Mwenyekiti alisema mwisho wa Novemba. Usiibadilishe kimyakimya. Andika iliyosemwa, kisha chini yake "Maelezo ya baada ya mkutano", uonyeshe chama kinapendekeza 3 Novemba na kwa nini.

#15 Mwl_Mstaafu
Jambo jipya haliingizwi kwenye kumbukumbu baada ya kikao kufungwa. Hilo si sahihi popote.

#16 Wakili_Pwani
Mwalimu, kwa heshima zote, ndiyo sababu linawekewa kichwa chake na tarehe yake, lisichanganywe na yaliyosemwa. Kama unaona bado si vyema, liwekwe kwenye barua pepe inayobeba kumbukumbu. Mimi sioni tofauti kubwa.

#17 Mwl_Mstaafu
Mimi naiona. Kwenye barua, sawa. Ndani ya kumbukumbu, la.

#18 Nahodha_Matondoni
Hamjataja maji. Chombo chenye mzigo wa kilo 400 sehemu moja hakiji jetini maji yakiwa yamekupwa. Mwezi mpevu ni usiku wa kuamkia tarehe 5 Desemba, kwa hiyo siku zile ni bamvua: maji yanajaa sana na yanakupwa sana. Msiandike "saa nne tarehe 5" tu kwa kuwa lori litakuwa limefika. Andikeni siku mbili tatu za kuvusha, na saa aichague nahodha kwa maji ya siku hiyo.

#19 Kilindini_Forodha
Hiyo "saa nne" yenyewe ni tatizo jingine. Sisi tunaelewa saa nne asubuhi. Mjerumani atakayetafsiri neno kwa neno ataandika 04:00. Kwa mshirika wa nje tumia saa za tarakimu, 10:00, na uandike "saa za Afrika Mashariki". Tena mwezi huu kuna mtego: Ulaya wanarudisha saa nyuma Jumapili tarehe 26 Oktoba. Makataa ya 17:00 kwetu tarehe 21 Oktoba ni 16:00 kwao, lakini 17:00 ya tarehe 30 ni 15:00 kwao.

Tarehe nazo usiandike 3/11. Andika mwezi kwa herufi na utaje siku ya wiki. Siku na tarehe zisipolingana msomaji atashtuka akuulize, kuliko kupita na kosa. Na "wiki ijayo", "mapema mwezi", "baada ya Idd" ziondoke zote. Idd yenyewe inangoja mwandamo, makataa hayawezi kungoja nao.

#20 Shela_Wageni
Samahani kudandia. Mimi na wakala wa wageni tunakubaliana kila kitu wasapu, mara nyingine kwa sauti. Si ni maandishi hayo pia? Kila mwisho wa mwezi tunabishana juu ya kamisheni.

#21 Wakili_Pwani
Ni ushahidi, lakini dhaifu kwa mpangilio. Ujumbe wa wasapu waweza kuhaririwa ndani ya dakika 15, na waweza kufutwa kwa wote hata baadaye. Sauti hakuna anayeitafuta ndani ya mazungumzo ya miezi. Ukimaliza kuongea, andika barua pepe ya mistari mitatu siku hiyo hiyo: tumekubaliana asilimia kadhaa, ya bei ipi, inalipwa siku gani. Bado "bei ipi" ndiyo kiini, kabla ya kodi au baada. Na mkifika mahakamani, kumbukumbu za kielektroniki zinataka cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80. Kwa hiyo usifute asili ukabakiwa na picha za skrini.

#22 Shela_Wageni
Kumbe. Shukran sana.

#23 Katibu_Langoni
Nimeandika upya. Sasa swali la kutuma. Nikiongeza "asiyejibu ndani ya siku tatu amekubali", si nimemfunga?

#24 Kilindini_Forodha
Umemfunga. Wote tunafanya hivyo.

#25 Wakili_Pwani
Hujamfunga. Kanuni ya kale ya mikataba, ambayo Kenya imeirithi, ni kwamba kimya si ukubali. Kesi yake ni ya mwaka 1862, Felthouse na Bindley: mjomba alimwandikia mpwa wake kwamba asiposikia neno, farasi atakuwa wake kwa bei aliyoitaja. Mahakama ikasema kimya cha mpwa hakikufanya mkataba. Zaidi, soma mkataba wenu wa msaada. Mingi ina kifungu kinachosema hakuna badiliko mpaka pande zote mbili zitie sahihi. Kukiwepo hicho, kumbukumbu haziwezi kubadili nani analipa nini, hata zikijibiwa.

#26 Bint_Mkomani
Kisheria nakubali. Kikazi sentensi ile ina faida bado, maana mtu aliyepewa nafasi ya kusahihisha akanyamaza, akaendelea kutuma lori kama ilivyoandikwa, atapata taabu kusema Desemba kwamba hakukubali. Ila iandike hivi: "Tafadhali leta marekebisho kwa namba ya mstari kufikia Jumanne 21 Oktoba 2025, 17:00 saa za Afrika Mashariki. Baada ya hapo tutaendelea na kazi kwa mujibu wa kumbukumbu hizi." Hapo husemi amekubali, wasema wewe utafanya nini. Nimechagua 21 kwa kuwa Jumatatu tarehe 20 ni Mashujaa, ofisi yao ya Mombasa imefungwa. Ukituma kesho tarehe 15, wana Alhamisi, Ijumaa na Jumanne, siku tatu kamili za kazi.

#27 Kilindini_Forodha
Mimi ningemtaka ajibu "nakubali" kwa ile mistari inayohusu pesa tu. Mistari miwili. Mtu mwenye shughuli atajibu miwili, hatajibu kumi na tano.

#28 Wakili_Pwani
Hilo ndilo bora kuliko yote yaliyosemwa. Ila jiandae, wengine watasema wanapeleka kwa idara yao ya sheria na wiki mbili zitapita.

#29 Bint_Mkomani
Kuhusu kutuma: maamuzi yawe ndani ya barua pepe yenyewe, si kwenye kiambatisho peke yake. Mkubwa anayesoma simuni kwa mtandao dhaifu hafungui kiambatisho. Kwenye mada weka kitu kama:

```
Kumbukumbu 14 Okt 2025 - mtambo wa barafu - jibu kufikia 21 Okt 17:00
```

Kiambatisho kiwe PDF na namba ya toleo. Akisahihisha, unatoa toleo la pili, la kwanza linabaki. Na kabla ya kuituma itazame orodha ya waliohudhuria. Ikiwa ile karatasi ya mahudhurio ina namba za simu na za vitambulisho, iondoe. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na wavuvi waliandika namba zao ili kuhudhuria kikao, hawakuziandika zisafiri hadi Ujerumani.

#30 Fundi_Hindi
Mimi ningetuma Wodi wairekebishe wenyewe. Haraka zaidi.

#31 Bint_Mkomani
Halafu watu wanne wakurudishie faili nne tofauti. Mstari wa pesa umebadilishwa kwenye faili ipi, utautafuta usiku kucha. Kwa namba ya mstari, kwenye jibu la wote.

#32 Mwl_Mstaafu
Kesho ni haraka mno. Mwenyekiti azipitie kwanza, atie sahihi, ndipo zitoke. Hadhi ya chama iko hapo.

#33 Kilindini_Forodha
Mwalimu, mwenyekiti akisafiri wiki moja, kumbukumbu zinaiva zikiwa zimechacha. Mimi nasema maamuzi yaende ndani ya saa 24 yakiwa na neno RASIMU, maelezo marefu yafuate na sahihi.

#34 Mwl_Mstaafu
Rasimu ikitoka kwa mgeni si rasimu tena. Ameshaisoma.

#35 Katibu_Langoni
Mwenyekiti yupo, nitampelekea leo baada ya magharibi. Mistari ya pesa na makataa imekuwa hivi:

> 3.1 Imeamuliwa. Lori Mombasa hadi jeti ya Mokowe: analipa mshirika. Mhusika: meneja wa mradi (jina kamili). Kufika Mokowe: Jumatatu 1 Desemba 2025.
> 3.2 Chama kimeahidi jukwaa la zege ghalani, Langoni, mwisho wa Novemba. Mhusika: mwenyekiti (jina kamili).
> 3.3 Halijaamuliwa. Kuteremsha Mokowe, chombo na kupandisha kisiwani. Katibu atatuma bei tatu kufikia Alhamisi 23 Oktoba 2025, 17:00. Meneja atajibu kwa maandishi kufikia Alhamisi 30 Oktoba 2025, 17:00. Saa zote ni za Afrika Mashariki.
> 3.4 Picha za jukwaa zitatumwa baada ya kumwagwa.

Pendekezo la 3 Novemba nimeliweka kwenye barua, kama alivyotaka Mwalimu. Kumbukumbu ni za Kiswahili na Kiingereza.

#36 Wakili_Pwani
Ongeza sentensi moja inayosema nakala ipi inashika zikitofautiana. Na kwenye 3.1, tarehe 1 Desemba meneja aliitaja mwenyewe, au umeitoa kwenye "mapema mwezi"?

#37 Katibu_Langoni
Nimeitoa kwenye "mapema mwezi".

#38 Wakili_Pwani
Basi irudishe kama alivyosema, na kwenye barua muulize: "Je, ni Jumatatu 1 Desemba?" Hilo liwe mojawapo ya yale mawili ya kujibiwa.

#39 Nahodha_Matondoni
Muulize na siku za kuvusha pia. Na bei tatu hizo uzitake za siku za bamvua, usije ukapewa bei ya maji mafu, siku ambazo maji hayajai wala hayakupwi sana.

#40 Bint_Mkomani
3.4 haina mhusika wala tarehe. Nani anapiga picha, anamtumia nani, siku ngapi baada ya kumwaga?

#41 Fundi_Hindi
Na picha ionyeshe boliti za nanga zilivyokaa, na vipimo vyake. Mtambo una matundu yake chini. Waombe mchoro wa kitako kabla hujamwaga. Huo mchoro nao hauna mstari.